Jinsi ya Kuandika Muswada wa Video ya Dakika Nne: Kumfariji Rafiki Aliyelazwa kwa Sala Fupi na Maneno ya Upole

Kila anayeandaa video ya aina hii kwa mara ya kwanza huja na maswali yale yale: sala iwe ndefu kiasi gani, mgeni aanze kwa kusema nini, afanyeje mgonjwa akilia, na je, inafaa kwenda na kamera wodini? Nimeyajibu maswali hayo mara nyingi kwa mdomo, na nimeona ni afadhali niyaandike kwa utaratibu, ili wewe unayetaka kuwafundisha watu kuwatembelea wagonjwa uwe na kitu cha kufuata tangu karatasi tupu hadi siku ya kurekodi.

Mwongozo huu unashughulikia video moja tu, nayo ni ya mtu anayemtembelea rafiki yake aliyelazwa hospitalini, anayeketi naye kwa muda mfupi, anayesema maneno machache, anayesali na kuondoka. Haitoi mafundisho ya tiba wala mahubiri. Mtazamaji akimaliza kuiona anapaswa kuwa na uwezo wa kufanya jambo hilo hilo jioni ya siku ile ile.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Waigizaji wawili, mmoja mgeni na mwingine mgonjwa, pamoja na mtu wa tatu atakayeshika kamera na kutazama saa.
- Chumba tulivu cha nyumbani chenye kitanda kimoja, shuka jeupe, mito miwili na kiti kisicho kirefu kuliko kitanda. Hutahitaji wodi halisi.
- Simu moja ya kupigia picha, na simu ya pili ya kurekodia sauti, itakayofichwa chini ya ukingo wa shuka karibu na waigizaji.
- Karatasi yenye safu mbili: kushoto unaandika kinachoonekana, kulia kinachosikika.
- Saa inayohesabu sekunde.
- Mtu mmoja aliyewahi kulazwa hospitalini, ambaye yuko tayari kuusoma muswada wako kabla haujarekodiwa. Ukikosa vingine vyote, huyu usimkose, kwa sababu anakumbuka maneno yaliyomtuliza na maneno yaliyomchosha, ilhali wewe mwenye afya njema unakisia tu.

Hatua ya 1: Chagua mgonjwa mmoja na siku moja

Muswada unaomhusu "mgonjwa" kwa jumla huzaa maneno ya jumla. Amua mtu huyu amelazwa kwa sababu gani, ni siku ya ngapi tangu alazwe, nini kinamuuma na nini kinamwogopesha. Katika mfano tutakaoufuata hapa, mgonjwa amepasuliwa tumbo siku mbili zilizopita, kipande kidogo cha nyama kimepelekwa maabara kuchunguzwa, na majibu yatatoka Alhamisi.

Nimemchagua mgonjwa huyu kwa makusudi. Hali yake haijajulikana, kwa hiyo mgeni hawezi kuahidi kwamba kila kitu kitakuwa sawa, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. Vilevile, mshono wa tumboni unaamua mambo mengi ya picha. Mgonjwa hawezi kuinuka kwa haraka, anapokohoa anaukandamiza mto juu ya tumbo ili mshono usivutwe, na hata kicheko kinamuuma. Mwandishi anayeyajua haya hatamwandikia mgeni utani wa kumchekesha mtu huyo mpaka akunje uso kwa maumivu.

Hatua ya 2: Andika maneno ya mgonjwa kwanza

Karibu kila muswada wa kwanza ninaoletewa una kosa moja kubwa: mgeni anazungumza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mgonjwa anaitikia "asante" na "amina" tu. Mtazamaji wa video kama hiyo anajifunza kwamba kumfariji mgonjwa ni kumsomea hotuba. Ili usiingie katika kosa hilo, anza kwa kuandika sentensi tatu au nne za mgonjwa, kisha ndipo umwandikie mgeni maneno yatakayozijibu. Sala nayo itatoka humo humo, katika yale ambayo mgonjwa ameyasema.

Kuna ugumu unaotokana na lugha yetu wenyewe. Salamu zetu zina majibu yaliyokwisha pangwa. Ukiulizwa "hujambo" unajibu "sijambo", na ukiulizwa hali unasema ni njema, hata kama umelala na dripu mkononi. Kwa hiyo mgeni akiuliza "unaendeleaje?", mgonjwa atajibu "naendelea vizuri" kwa adabu, na mlango utakuwa umefungwa. Usiiondoe salamu, kwa sababu kuiacha ni utovu wa adabu, ila uifuatishe na swali la pili lisilo na jibu la mazoea. Swali linalofanya kazi vizuri kuliko mengi niliyoyajaribu ni hili: "Na usiku wa jana ulikuwaje?" Usiku una habari zake, na mgonjwa aliyelala macho atakuwa na la kusimulia.

Kwa mgonjwa wetu, jibu linaweza kuwa hivi: "Usiku ni mrefu. Mchana watu wanapita, nasahau kidogo. Taa zikizimwa ndipo mawazo yanakuja. Majibu yanatoka Alhamisi." Katika maneno hayo machache tumepata mambo mawili ambayo sala itayataja, yaani usiku na majibu ya Alhamisi.

Hatua ya 3: Onyesha namna ya kuingia

Sehemu hii isizidi sekunde 35, lakini usiiruke. Mgeni asafishe mikono mbele ya kamera. Ikiwa anatumia dawa ya kupaka yenye spiriti, aisugue viganjani, nyuma ya mikono, katikati ya vidole na kwenye vidole gumba hadi ikauke yenyewe, jambo linalochukua sekunde 20 hadi 30. Ikiwa anatumia maji na sabuni, zoezi zima huchukua sekunde 40 hadi 60, na hapo utahitaji kuifupisha picha wakati wa kuhariri. Msimulizi aseme wazi kwamba mwenye mafua, kikohozi au kuharisha asiende, bali apige simu.

Kisha mgeni abishe hodi, hata kama kinachomtenga na mgonjwa ni pazia tu. Mtu aliyelazwa huingiliwa na watu mchana kutwa bila kuulizwa, na kule kuulizwa "naweza kuingia?" humrudishia heshima kidogo. Baada ya hapo mgeni aketi kwenye kiti, na wala si kitandani, macho yake yakiwa usawa na macho ya mgonjwa. Akibaki amesimama ataonekana kama mtu anayetaka kuondoka, na mgonjwa atalazimika kuinua shingo.

Onyo: usimwonyeshe mgeni akimpa mgonjwa chakula au maji. Mtu aliyepasuliwa tumbo anaweza kuwa amezuiwa kula au kunywa, na mtazamaji huiga kile alichokiona. Usimwonyeshe pia akigusa dripu, mirija au kitufe chochote. Kama kuna kinachohitajika, mgeni amwite muuguzi.

Hatua ya 4: Chagua maneno ya upole, na uyaondoe yanayojeruhi

Maneno ya kumfariji mgonjwa yawe machache, na yawe ya kweli kwa siku ile. "Ugua pole" yanatosha kuanzia. Baada ya mgonjwa kueleza hofu yake, mgeni aseme kitu kinachoonyesha kwamba ameisikia: "Pole. Kusubiri ni kugumu." Mgonjwa akisema "naogopa", mgeni asimkatie kwa "usiogope", kwa kuwa amri hiyo haiondoi hofu, inamfanya aifiche tu. Jibu la upole ni kama hili: "Yeyote angeogopa. Nipo hapa nawe."

Yapo maneno ambayo wageni huyasema kwa nia njema kabisa, na ambayo ni lazima uyatoe katika muswada. "Utapona tu, usijali" ni ahadi ambayo mgeni hana uwezo wa kuitimiza. "Kila jambo lina sababu" na "Mungu anakujaribu" humtwisha mgonjwa kazi ya kutafuta maana ya ugonjwa wake wakati hata kujigeuza kitandani ni shida. "Ungekuwa na imani ya kutosha" humwambia kwamba amejisababishia. "Jirani yangu aliugua hivyo hivyo" huelekea kuishia kwenye habari ya mazishi kabla msemaji hajatambua. Na swali la "daktari amesema ni ugonjwa gani?" likiulizwa kwa sauti wodini humlazimisha mgonjwa kuitangaza siri yake kwa vitanda vya jirani.

Kisha kuna kimya. Kiandike kwenye muswada kama unavyoandika maneno: "KIMYA, sekunde 5". Usipokiandika, waigizaji watakijaza. Wasomaji wa habari za Ayubu wanakumbuka kwamba rafiki zake watatu walipomwendea waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na kwamba makosa yao yalianza pale walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anateseka. Mgeni wako hana siku saba, lakini sekunde tano za kutazama chini pamoja na rafiki yake anazo.

Hatua ya 5: Omba ruhusa ya kusali

Mgeni asiseme "tufumbe macho, tuombe" kana kwamba jambo limekwisha amuliwa. Mgonjwa hawezi kuinuka akaondoka, kwa hiyo ruhusa yake ina uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote. Muundo mzuri wa swali ni ule unaompa njia mbili zenye heshima sawa: "Ungependa tusali kidogo, au tukae tu?" Akichagua kukaa tu, mgeni anakaa, na ziara haijaharibika. Kama una nafasi, rekodi toleo fupi la pili ambamo mgonjwa anasema "leo tukae tu", kwa kuwa watazamaji wengi hawajawahi kuona mtu akikataa sala na rafiki yake akaipokea hali hiyo bila kununa.

Akikubali, linafuata swali moja la lazima: "Nikuombee nini hasa?" Wageni wengi hudhani wanalijua jibu. Wanaomba uponyaji wakati mgonjwa anawawazia watoto walioachwa nyumbani, au wanaomba maumivu yaishe wakati kinachomkosesha usingizi ni gharama. Mara nyingi jibu la mgonjwa ni dogo kuliko sala tuliyokuja nayo mfukoni.

Hatua ya 6: Andika sala

Lenga maneno 40 hadi 60, ambayo kwa sauti ya utulivu ni kati ya nusu dakika na sekunde 40. Mtu mwenye maumivu au aliyepewa dawa za kutuliza hupotea haraka katika maneno mengi, na anaweza kuona aibu kwa kusinzia katikati ya sala yake mwenyewe.

Hii ni sala ya aina ninayoletewa mara kwa mara. Isome kwanza kwa masikio ya mgonjwa:

"Ee Mungu mwenye nguvu zote, tunakuja mbele yako kwa ajili ya mtumishi wako huyu. Msamehe makosa yake yote aliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua. Tunaukemea ugonjwa huu, na tunajua kesho atasimama na kuondoka hapa akiwa mzima kabisa. Mfundishe kukutegemea wewe zaidi kupitia jaribu hili. Amina."

Nia ya aliyeiandika ni njema, ila angalia inachofanya. Kutaja makosa kunamfanya mgonjwa ajiulize kama anaadhibiwa. "Kesho atasimama" ni ahadi kwa mtu mwenye mshono wa siku mbili. Sentensi ya mwisho inamhubiria mgonjwa kwa kupitia mgongo wa Mungu. Na hakuna hata neno moja la usiku wala la Alhamisi, yaani mgonjwa alizungumza bure.

Sasa tuiandike upya kwa kufuata njia nyepesi: mwite Mungu, taja alichosema mgonjwa, omba msaada kwa jambo hilo, wakumbuke wanaomhudumia, kisha funga.

"Ee Mungu, tuko hapa wawili mbele yako. Ndugu yangu anauona usiku kuwa mrefu. Kaa naye saa zile ambazo wodi imenyamaza na usingizi haujaja. Mpe utulivu wa kuyasubiri majibu ya Alhamisi, na nguvu ya kuyapokea yatakavyokuwa. Ibariki mikono ya madaktari na wauguzi wanaomhudumia. Tuliza maumivu yake usiku huu apumzike. Amina."

Hayo ni maneno 49. Sala haikuutaja ugonjwa kwa jina, kwa sababu kuna masikio mengine wodini. Imeomba nguvu ya kuyapokea majibu "yatakavyokuwa", neno ambalo linaacha nafasi kwa tumaini bila kudanganya. Nayo imewakumbuka madaktari na wauguzi, jambo linalomwonyesha mtazamaji kwamba sala na tiba zinakwenda pamoja.

Ikiwa video yako ni ya Waislamu, mgeni anaweza kutumia dua fupi ambayo Mtume Muhammad alikuwa akiwasomea wagonjwa, ile inayoanza kwa kumwita Mola wa watu, ikaomba madhara yaondolewe na kukiri kwamba Yeye ndiye mponyaji. Haimalizi nusu dakika. Kwa Wakristo, Sala ya Bwana ina faida moja isiyo ndogo, kwamba mgonjwa anaijua kwa moyo na anaweza kuifuata kwa midomo hata asipokuwa na nguvu ya kufikiri. Katika hali zote mbili, ongeza sentensi moja tu inayobeba alichosema mgonjwa. Na ikiwa wawili hawa ni wa dini tofauti, mgeni aulize: "Utapenda nisali kwa namna yangu, au usali wewe nami nikuitikie?"

Onyo kubwa: pasiwepo neno lolote, katika sala au nje yake, linaloweza kueleweka kwamba mgonjwa aache dawa, akatae upasuaji au asingoje majibu. Pasiwepo pia kuweka mikono juu ya mshono, kumpaka kitu chochote, wala kupaza sauti.

Hatua ya 7: Onyesha namna ya kuondoka

Robo saa inamtosha mtu aliyepasuliwa juzi. Mgeni aage kabla mgonjwa hajachoka, na aache ahadi moja yenye siku na saa. "Ukihitaji chochote niambie" humwachia mgonjwa kazi ya kuomba, na wengi hawaombi. "Alhamisi saa kumi jioni nitakuja" ni neno linaloshikika. Ila usiiandike ahadi hiyo bila kumpa mgonjwa njia rahisi ya kuikataa, kwa kuwa siku ya majibu mtu anaweza kutaka kuwa peke yake.

Hatua ya 8: Unganisha muswada wote

Huu hapa ni muswada kamili wa mfano wetu. Mabano yanaonyesha vitendo.

ONYESHO LA 1: MLANGONI, SEKUNDE 35

PICHA: Mikono ya mgeni kwa karibu, akiisugua kwa dawa hadi ikauke.

MSIMULIZI: Safisha mikono kabla ya kuingia, na tena unapotoka. Ukiwa na mafua, kikohozi au unaharisha, usiende. Piga simu.

MGENI: (akiwa mlangoni) Hodi. Naweza kuingia?

MGONJWA: Karibu.

ONYESHO LA 2: KITINI, SEKUNDE 80

PICHA: Mgeni anasogeza kiti na kuketi. Nyuso mbili zinaonekana usawa mmoja.

MGENI: Ugua pole, ndugu yangu.

MGONJWA: Asante. Nimeshapoa.

MGENI: Unaendeleaje?

MGONJWA: Naendelea vizuri.

KIMYA, sekunde 4.

MGENI: Na usiku wa jana ulikuwaje?

MGONJWA: (akitazama dari) Usiku ni mrefu. Mchana watu wanapita, nasahau kidogo. Taa zikizimwa ndipo mawazo yanakuja. Majibu yanatoka Alhamisi.

KIMYA, sekunde 5.

MGENI: Pole. Kusubiri ni kugumu.

MGONJWA: Naogopa.

MGENI: Yeyote angeogopa. Nipo hapa nawe.

PICHA: Mgonjwa anakohoa akiukandamiza mto tumboni. Mgeni anangoja bila kusema kitu.

ONYESHO LA 3: SALA, SEKUNDE 75

MGENI: Ungependa tusali kidogo, au tukae tu?

MGONJWA: Tusali. Ila iwe fupi.

MGENI: Nikuombee nini hasa?

MGONJWA: Huo usiku. Na hayo majibu.

MGENI: Naweza kukushika mkono?

PICHA: Mgonjwa anatoa mkono usio na dripu. Kamera inabaki kwenye mikono miwili.

MGENI: (kwa sauti ya chini) [Sala ya maneno 49.]

MGONJWA: Amina.

KIMYA, sekunde 6. Mikono haijaachana.

ONYESHO LA 4: KUAGA, SEKUNDE 45

MGENI: Nimekaa robo saa, nakuacha upumzike. Alhamisi saa kumi jioni nitakuja. Siku hiyo usipotaka mgeni, niandikie neno moja tu, "kesho", nitaelewa.

MGONJWA: Njoo.

MGENI: Nitakuja. Na usiku wa leo nitakukumbuka katika sala.

PICHA: Mgeni anarudisha kiti mahali pake. Mlangoni anasafisha mikono tena.

Hatua ya 9: Pima, kisha rekodi

Someni muswada kwa sauti mkiwa mmeketi, saa ikihesabu. Kiswahili cha utulivu hubeba takribani maneno 100 kwa dakika, pungufu au zaidi kidogo kutegemea msomaji, na muswada huu wenye sala yake haufiki maneno 200. Nafasi iliyobaki ni ya vitendo na vimya, kwa hiyo usiijaze. Baada ya kupima, mpe yule aliyewahi kulazwa ausome, nawe unyamaze. Akisitasita kwenye sentensi fulani, iandike upya bila kujitetea.

Rekodini nyumbani. Wodi halisi ina wagonjwa ambao hawakuomba kuonekana, kuna karatasi zenye majina yao vichwani pa vitanda, na ruhusa ya uongozi wa hospitali haichukui nafasi ya ruhusa ya kila mgonjwa anayeingia kwenye picha. Kamwe usimrekodi rafiki yako mgonjwa kwa kweli akiombewa, hata akikubali, kwa sababu kibali cha mtu aliye kitandani mwenye maumivu hakipimiki vizuri, na video ikishatumwa hairudi.

Simu ya picha ilazwe kwa upana na isimame usawa wa kitanda, kwani kumpiga mgonjwa kutoka juu humfanya aonekane mdogo na mnyonge. Rekodini sala mara mbili, mara moja picha ikiwa kwenye nyuso na mara ya pili kwenye mikono.

Mambo yakienda mrama

*Sala inasikika kama inasomwa.* Mwigizaji amekariri neno kwa neno. Mwondolee karatasi, mwachie vitu vinne tu vya kukumbuka, yaani usiku, Alhamisi, wauguzi, maumivu, kisha aseme kwa maneno yake. Rekodi ya tatu huwa nzuri kuliko ya kwanza.

*Vimya vinaonekana kama kosa la kuhariri.* Huenda umeikata sauti ya chumba. Rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa tupu na uiweke chini ya video nzima, ili kimya kiwe na pumzi yake. Onyesha pia uso au mikono wakati wa kimya. Ukionyesha ukuta, mtazamaji atadhani video imekwama.

*Mgonjwa anaonekana mnyonge mno, na watazamaji wanasema video inaogopesha.* Mwigizaji amezidisha kuugulia. Mwelekeze aumwe mara moja tu, pale anapokohoa, na sehemu nyingine zote azungumze kwa sauti yake ya kawaida, ila polepole.

*Video imefika dakika sita.* Tafuta mahali ambapo msimulizi anaeleza kile ambacho picha imekwisha onyesha, na ukate hapo kwanza. Ukibaki na ziada, kata maneno ya mgeni. Ya mgonjwa yaache.

*Mwigizaji wa mgonjwa analia kweli wakati wa sala.* Simamisha kamera na muulize kama angependa kuendelea. Huenda amekumbuka kitanda kingine na mtu mwingine. Akitaka kuendelea, mwelekeze mgeni afanye kile ambacho angefanya wodini: asimwambie anyamaze, asiharakishe kumpa kitambaa, amshike mkono vile vile, amalize sentensi aliyokuwa nayo kwa sauti ya chini, kisha angoje. Kipande hicho usikitumie kabla hujamwonyesha mwenyewe na kupata kibali chake siku nyingine, akiwa ametulia.

*Watazamaji wanauliza wafanye nini mgonjwa akiwa hana fahamu.* Hilo linahitaji video yake. Kwa sasa weka maandishi mafupi mwishoni kwamba mgeni ajitaje jina kwa sauti ya kawaida, aseme ni siku gani na saa ngapi, asali kwa ufupi ule ule, na asizungumze juu ya kitanda hicho jambo lolote ambalo asingelisema kama macho ya mgonjwa yangekuwa wazi.